Sura ya Tano: Zawadi ya Shilingi Elfu Kumi

Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam hakuna fungu la kumkaribisha mfanyakazi mpya. Kuna fungu la mafuta ya gari, la chai, la karatasi za printa na la rambirambi, lakini mtu anayeripoti kazini Jumatatu asubuhi anategemea moyo wa mkuu wake wa kitengo tu. Mkuu huyo naye ana mshahara ambao umeshagawanywa kabla haujaingia benki. Akijibana sana anaweza kutenga elfu kumi. Akiwa na bahati, mhasibu atamkubalia aitoe kwenye fedha ndogondogo za ofisi, mradi alete risiti. Sura hii inamhusu meneja huyo na elfu kumi yake.

Nimekichagua kiasi hicho kwa makusudi. Mwenye laki moja anaweza kununua kitu kizuri, na bei ikamsemea. Elfu kumi haimsemei mtu. Chochote utakachokinunua kwa pesa hiyo, mgeni wako angeweza kujinunulia mwenyewe akiwa njiani kwenda kituoni. Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, inafaa kujiuliza ni kitu gani ambacho huyu mtu hawezi kukinunua popote. Jibu langu ni kwamba hawezi kununua muda wako, na hawezi kununua yale unayoyajua kuhusu mahali anapoingia. Elfu kumi inatosha kununua chombo cha kubebea hivyo viwili.

Hilo la muda lina ushahidi. Mwaka 2012 wachumi watatu, Sebastian Kube, Michel André Maréchal na Clemens Puppe, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Ujerumani. Waliwaajiri wanafunzi kwa kibarua cha saa tatu cha kuingiza orodha ya vitabu vya maktaba kwenye kompyuta, kwa malipo ya yuro 12 kwa saa. Kabla ya kuanza, kundi moja liliambiwa kwamba litaongezewa yuro 7 juu ya malipo hayo. Kundi jingine lilipewa zawadi iliyofungwa vizuri, chupa ya chai yenye thamani ya yuro hizohizo 7. Kundi la tatu halikupewa chochote cha ziada. Waliopewa pesa walifanya kazi karibu sawa na wale ambao hawakupewa kitu, ilhali waliopewa chupa waliingiza vitabu zaidi kwa takriban robo. Hata walipotajiwa bei ya chupa waziwazi, matokeo yalibaki yaleyale. Kinachoshangaza ni kwamba wanafunzi wengine walipoachiwa wachague wenyewe kati ya chupa na pesa, wengi walichagua pesa.

Watafiti hawakuishia hapo. Walichukua tena yuro 7, safari hii wakaikunja noti ya yuro 5 ikawa na umbo la shati, na sarafu ya yuro 2 wakaichorea uso unaotabasamu. Zilikuwa pesa zilezile, kiasi kilekile, ila sasa mtu alikuwa ameketi akazikunja. Waliopewa pesa hizo walijituma kama wale wa chupa. Chupa yenyewe, kumbe, haikuwa na maajabu. Wale wanafunzi walikuwa wakiitikia dalili kwamba kuna mtu aliyetumia dakika zake kwa ajili yao.

Ningependa meneja aishike vizuri nusu ya pili ya habari hii, kwa sababu ni rahisi kuitumia vibaya. Mwaka 2006 Uri Gneezy na John List walikuwa wameshaonyesha, kwa kibarua kinachofanana na hicho huko Marekani, kwamba nyongeza ya ghafla iliongeza bidii katika saa moja na nusu ya mwanzo tu. Baada ya hapo kasi ilirudi ilipokuwa. Anayetoa zawadi akitarajia kuvuna kazi zaidi atavuna asubuhi moja. Zawadi ya kumkaribisha mtu ina kazi nyingine. Wiki ya kwanza ya mgeni ni wiki ya kutojua na kuogopa kuuliza. Hajui choo kiko wapi, hajui anywe chai ya nani, hajui kama yule mzee wa masjala huwa mkali kwa kila mtu au amemkasirikia yeye. Akiuliza anaona anasumbua, na asipouliza anakosea. Zawadi nzuri ni ile inayompunguzia mzigo huo.

Nichukue ofisi moja ninayoijua kwa karibu. Ni ofisi ya wakala wa forodha, katikati ya jiji, si mbali na bandari, yenye watu wasiofika kumi. Anayeongoza kitengo cha nyaraka ni mama wa makamo ambaye alianzia kazi hiyo chini kabisa, kwa kubeba mafaili kati ya ofisi na bandari. Alikuwa akimpokea binti aliyemaliza chuo, aliyekulia Iringa, ambaye hakuwahi kuishi Dar es Salaam. Kazi ya binti huyo ingekuwa kulinganisha nyaraka za mizigo inayoingia kabla hazijatumwa forodhani. Ni kazi ya macho na subira, na makosa yake yana gharama. Uzito ukiandikwa tofauti kwenye bili ya shehena na kwenye orodha ya vifungashio, mzigo unasimama. Mzigo ukisimama, siku za bure za kontena zinakwisha, na kampuni ya meli inaanza kutoza kila siku inayopita.

Mama huyo alinunua kaunta buku ya kwaya mbili kwa shilingi 4,000, kalamu mbili za wino wa bluu kwa 1,000, kikombe cha udongo kwa 3,500 na karatasi ya kaki ya kufungia kwa 500. Jumla ni shilingi 9,000. Bei hizi zinatofautiana duka hadi duka, lakini uwiano wake ndio wa kutazama, kwamba kaunta buku ilichukua sehemu kubwa zaidi kuliko kitu kingine chochote.

Kila kimoja kilikuwa na sababu. Kikombe ni kwa sababu katika ofisi ile kila mtu ana chake kwenye kabati la chai, na asiye na kikombe hunywea cha kuazima huku akimwangalia mwenyewe anarudi saa ngapi. Wino wa bluu ni kwa sababu huko nyaraka husainiwa kwa bluu, ili nakala halisi isichanganywe na fotokopi. Kuhusu kaunta buku, watu humshauri meneja anunue shajara, kwa kuwa inapendeza zaidi. Mimi siafikiani nao. Shajara ina tarehe, na anayeanza kazi mwezi wa nane anapewa kitu ambacho zaidi ya nusu yake imeshapita. Kaunta buku ina jalada gumu, kurasa zake zimeshonwa, inavumilia kubanwa ndani ya mkoba kwenye daladala, na haimhimizi mtu aandike kila siku.

Kisha akakaa nyumbani Jumamosi na Jumapili jioni, akaandika. Aliandika kwa mkono, upande wa kulia tu wa kila ukurasa, na upande wa kushoto akauacha mtupu. Mgeni angehitaji mahali pa kuongezea na kusahihisha palepale penye habari, badala ya kuanza kutafuta nafasi mwishoni mwa kitabu.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la binti kwa ukamilifu, majina yake yote matatu. Kwanza alilithibitisha kwenye barua ya maombi, kwa sababu jina lililokosewa herufi moja linaharibu zawadi yote. Chini yake aliandika tarehe ya kuanza kazi na sentensi chache. Nilizisoma baadaye kwa ruhusa ya wote wawili. Zilisema kwamba katika usaili yeye ndiye peke yake aliyeiona jumla ya maboksi haikulingana kwenye zile karatasi mbili za majaribio, na kwamba badala ya kukisia ipi ni sahihi alisema angempigia mteja. "Hicho ndicho kilichotufanya tukuchague," mama aliandika. "Ukiona namba hazilingani, hata kama faili ni langu, niambie."

Sentensi hizo hazikugharimu hata senti, na kwangu ndizo kiini cha zawadi nzima. Utafiti wa Daniel Cable, Francesca Gino na Bradley Staats, uliotoka mwaka 2013, unaonyesha kwa nini. Ulifanyika India, katika vituo vya huduma kwa wateja vya kampuni ya Wipro. Baadhi ya wafanyakazi wapya walitumia saa moja ya siku yao ya kwanza wakizungumza kuhusu yale wanayoyaweza wao wenyewe, wakapewa sweta lenye majina yao. Wengine walielezwa sifa za kampuni, wakapewa sweta lenye jina la kampuni. Wengine walipokelewa kwa utaratibu wa kawaida. Miezi iliyofuata, wale wa kundi la kwanza waliacha kazi kwa uchache kuliko wengine, na wateja waliohudumiwa nao waliridhika zaidi. Sweta lilikuwa lilelile. Tofauti ilikuwa jina lililoandikwa juu yake, na mazungumzo yaliyolitangulia.

Kwa hiyo napendekeza sana meneja aache mazoea ya kugawa fulana na kalenda zenye nembo. Katika ofisi zetu kuna ubaya wa ziada, kwa kuwa vitu hivyo aghalabu ni mabaki ya maonyesho ya Sabasaba, na kila mtu anavijua. Fulana saizi kubwa iliyobaki kwenye boksi tangu Julai, akipewa binti mwembamba mwezi wa Novemba, inamweleza waziwazi kwamba hakuna aliyemfikiria.

Ukurasa wa pili ulikuwa ramani ya ofisi: meza, dirisha, mlango wa kabati la mafaili. Kila meza ilikuwa na jina la mtu, na jinsi wenzake wanavyomwita. Hili la mwito lina uzito ambao mkuu aliyekaa mahali miaka mingi huusahau. Mzee wa masjala, kwa mfano, wote humwita Babu. Mgeni akimwita Babu siku ya kwanza ataonekana hana adabu, na akiendelea kumwita kwa cheo miezi mitatu ataonekana anajitenga. Mama aliandika, "Anza na Mzee na shikamoo. Atakwambia mwenyewe siku ya kumwita Babu." Na kwenye kila meza mwenye meza aliandika mwenyewe mstari mmoja kuhusu jambo analoweza kuulizwa. Mama aliichora ramani kwanza na kukizungusha kitabu Ijumaa mchana, kabla hajaanza kujaza kurasa nyingine. Dada wa mapokezi aliandika kwamba anazijua namba za madereva wote. Kijana wa kompyuta aliandika kwamba printa ya ghorofani hugoma ikiwekewa karatasi nyingi. Mzee wa masjala aliandika kwa mwandiko wake wa zamani ulioinama kwamba faili lisiloonekana limeandikwa namba vibaya, halijaibiwa.

Mistari hiyo ilitatua tatizo ambalo pesa haiwezi kulitatua. Katika kitengo ambacho watu walipokelewa bila hata soda, zawadi ya mgeni huamsha manung'uniko. Wanaosema, "Sisi mbona hatukupewa," wana haki yao. Lakini aliyeandika mstari wake mwenyewe ndani ya zawadi ameshakuwa mtoaji, na siku ya Jumatatu hutaka kuona kama mstari wake umesomwa.

Kurasa za katikati nitazipitia haraka, kwa kuwa kila ofisi ina yake. Kulikuwa na maneno ya kazi: manifesti ni nini, delivari oda inatolewa na nani, mtu akisema mzigo umepata rilizi anamaanisha hatua gani. Kulikuwa na habari za mama lishe wa uchochoroni nyuma ya jengo, kwamba wali na maharage huisha saa saba na nusu, na kwamba anakubali kuandika deni kwa watu wa ofisi hiyo hadi mwisho wa mwezi. Kulikuwa na onyo kwamba mvua kubwa ikinyesha barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani na mabasi ya mwendokasi husimama, hivyo anayetoka upande wa Kimara atume ujumbe mapema, hatagombezwa.

Ukurasa wa mshahara ndio ninaotaka kukaa nao zaidi, kwa sababu mameneja wengi huona aibu kuuandika. Mgeni anayetoka chuoni amekubali namba iliyo kwenye barua ya ajira, na kichwani mwake hiyo ndiyo namba atakayoiona benki. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna kodi ya mapato inayokatwa kabla, na kwamba kwa mfanyakazi wa sekta binafsi mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, ambapo mwajiri anaweza kumkata hadi nusu yake. Pia hakujua kwamba ofisi hiyo hufunga orodha ya malipo katikati ya mwezi, na anayeanza kazi baada ya hapo husubiri mwezi unaofuata ndipo alipwe siku zake zote kwa pamoja. Binti huyu alianza tarehe 18. Asingeambiwa, angejipanga kwa mshahara ambao usingekuja, huku akidaiwa kodi ya chumba na nauli ya kila siku. Mama aliandika tarehe mbili, ile ya mshahara wa kwanza na ile ya mwisho ya kuomba malipo ya awali kwa mhasibu, na aliongeza kwamba kuomba malipo hayo ni jambo la kawaida, na kwamba barua ya maombi ina mistari mitatu tu. Akaiandika hiyo mistari mitatu.

Nimewahi kuulizwa kama habari za makato zinaweza kweli kuitwa zawadi. Naamini zinaweza. Kijana aliyesalimika kukopa kwa riba kwenye simu katika mwezi wake wa kwanza kazini amepewa kitu kikubwa kuliko elfu kumi.

Kuna yasiyofaa kuandikwa humo kabisa. Kitabu hiki kitasahaulika kwenye daladala siku moja, kwa hiyo nywila hazimo, bei za wateja hazimo, na maoni ya meneja kuhusu tabia za watu hayamo. Namba za simu za ndani na majina ya wateja wa kila wiki huandikwa kwa penseli, kwa sababu hubadilika. Na kurasa zisizidi nane. Meneja anayependa kuandika akijiachia atajaza kitabu kizima, mgeni ajikute amepewa mwongozo wa utumishi wa pili badala ya zawadi.

Jumatatu, kukabidhi kulichukua muda mfupi. Mama alisubiri hadi saa tatu na nusu, binti alipokuwa ameshasalimiana na wote na ameonyeshwa meza yake. Hakuita watu wakusanyike wala hakupiga picha. Aliweka kifurushi mezani.

"Hiki chako, mwanangu. Hakina cha kusainia."

Binti akauliza kama akirudishe akishamaliza kukisoma.

"Cha nini kukirudisha? Kompyuta ndiyo ya ofisi. Hiki hata ukihama kazi, unahama nacho. Ijumaa saa kumi njoo nacho mezani kwangu, tuone nilichokosea."

Maneno hayo mawili ya mwisho yana kazi kubwa. Katika wiki ya kwanza mgeni husainia kila kitu: kompyuta, kitambulisho, ufunguo, hata kiti. Anahitaji kuambiwa waziwazi kwamba kitu hiki hakimo kwenye orodha hiyo. Na ile Ijumaa saa kumi inamfungulia mlango wa kuuliza bila kuonekana anasumbua, kwa kuwa ameitwa kuja kusahihisha kazi ya mkuu wake. Bila miadi hiyo, upande wa kushoto wa kurasa ungebaki mtupu.

Sasa yanayoharibika. La kwanza na la hatari zaidi ni zawadi inayosema zaidi ya ulivyokusudia. Kanga ni mfano. Pesa kidogo inatosha kuipata, ni nzuri, ina matumizi mengi, na mkuu wa kiume anaweza kudhani ameokoka. Lakini kanga ina jina, na jina husomwa. Hata lile lisilo na ubaya litajadiliwa na ofisi nzima kabla ya chakula cha mchana, na binti ndiye atakayebaki na maneno. Manukato, sabuni za kuogea, vitambaa vya kichwa na chochote kinachovaliwa mwilini viko katika fungu hilohilo. Meneja mwanamume anayempokea mwanamke ashikamane na vitu vya mezani, na akabidhi mbele ya macho ya wengine, mlango ukiwa wazi.

Vya kula navyo vinataka uangalifu. Mgeni hujamjua bado kama anafunga, kama ana sukari, au kama anasoma kwanza kilichomo kwenye peremende. Chakula ni kizuri kwa kitengo kizima, kinapowekwa mezani kila mtu achukue. Mikononi mwa mtu mmoja anayetazamwa kinaweza kumlazimisha aeleze mambo yake ya ndani siku ya kwanza. Na elfu kumi yenyewe ndani ya bahasha ni wazo baya kuliko yote. Bahasha kutoka kwa bosi, katika ofisi zetu, ina maana zake, na mgeni ataanza kujiuliza atatakiwa kufanya nini.

La pili ni zawadi inayofika mahali pasipoandaliwa. Ikiwa Jumatatu mgeni hana kiti, hana akaunti ya barua pepe, na jina lake halipo kwa walinzi wa getini, kitabu kizuri kitamfanya aone kwamba mlikuwa na muda wa kupamba kuliko wa kujiandaa. Ikibidi kuchagua, elfu kumi itumike kumtuma kijana afuatilie kiti. Napendekeza meneja apite getini mwenyewe Ijumaa iliyotangulia, ampe mlinzi jina la mgeni kwenye karatasi, na amwambie mlinzi amwite kwa jina hilo akifika. Hilo nalo ni sehemu ya zawadi.

Walio mikoani wana hesabu nyingine. Mfanyakazi anayeanza katika tawi la Mwanza huku mkuu wake yuko Dar es Salaam atatumiwa kifurushi kwa basi, na nauli ya kifurushi peke yake inaweza kula nusu ya pesa. Kikombe kitaachwa, kwanza kitavunjika. Kaunta buku ibaki, ifungwe kwenye mfuko wa nailoni ndani ya bahasha, itumwe mapema ili ifike kabla ya mgeni, kwa jina la mtu wa tawi atakayeikabidhi. Ramani ya ofisi mkuu hawezi kuichora akiwa mbali. Atamwomba huyo mtu wa tawi aichore, na mwandiko wake uonekane.

Kujua kama zawadi imefanya kazi, usimuulize mgeni, kwa sababu atakushukuru tu. Angalia meza yake wiki ya tatu. Kitabu kikiwa juu ya meza, kona za jalada zimeanza kuchakaa, na upande wa kushoto una mwandiko wake, mambo yamekwenda. Kwa binti yule, kufikia wakati huo ramani ilikuwa imeshasahihishwa mara mbili: kabati la mafaili lilikuwa limehamishwa na mama hakukumbuka, na kando ya meza ya mzee wa masjala palikuwa na neno "Babu" na tarehe. Maswali yake pia yalibadilika. Wiki ya kwanza aliuliza kitu kiko wapi na kinafanywaje. Wiki ya tatu alimuuliza mama kwa nini mteja mmoja hutuma orodha ya vifungashio baada ya meli kuondoka badala ya kabla, na swali hilo lilikuwa la mtu aliyeanza kuiona kazi yenyewe.

Kitabu kikiwa bado kwenye karatasi yake ya kaki ndani ya droo, usikasirike na usimkumbushe. Kifungue akilini mwako ukurasa baada ya ukurasa. Mara nyingi kosa ni kwamba kimejaa maagizo, au kimeandikwa kwa Kiswahili cha waraka, au ile Ijumaa saa kumi ilifika na meneja alikuwa kwenye kikao. Hilo la mwisho linarekebishika kwa nusu saa: mwite, omba kitabu, na mpitie ramani pamoja.

Baada ya miezi michache ofisi ile ilimpokea kijana mwingine, wa kupeleka nyaraka bandarini. Mhasibu alishauri kitabu cha binti kitolewe fotokopi ili kuokoa muda. Mama alikataa. Kurasa za mshahara, mama lishe na maneno ya kazi zilinakiliwa kwa mkono, na aliyezinakili ni binti mwenyewe, kwa kuwa sasa yeye ndiye aliyekumbuka vizuri zaidi yale mgeni asiyoyajua. Fungu lilikuwa elfu kumi ileile, kaunta buku ya aina ileile na kikombe cha bei ileile, maana wageni wawili wa kitengo kimoja watalinganisha. Ukurasa wa kwanza tu ndio ulioandikwa upya na mama, kwa jina la kijana na kwa jambo alilolionyesha yeye kwenye usaili wake.